Uzi: Muuza kahawa wangu wa kwanza ndani ya Blender hakunji kiwiko. Nirekebishe au nianze upya?

MchangaWaTanga

Wakuu, habari za jioni. Natengeneza mhusika wangu wa kwanza wa pande tatu: mzee muuza kahawa, kanzu, kofia ya viua, dele mkono wa kulia. Nataka atembee hatua chache, asimame, amimine kahawa. Basi.

Nilianza na kichwa. Macho, masikio na ndevu vipo na vimetoka vizuri. Baada ya hapo nikaunga shingo, kiwiliwili, mikono yenye vidole vitano, na miguu ndani ya kanzu. Shida imekuja kwenye mifupa. Nachagua mwili, kisha mifupa, nabonyeza Ctrl+P, nachagua With Automatic Weights, na linatokea onyo hili:

```
Bone Heat Weighting: failed to find solution for one or more bones
```

Baada ya hapo baadhi ya sehemu zinafuata mifupa na nyingine hazitikisiki. Kichwa kikiinama kofia inabaki hewani. Mkono wa kushoto unakunja, lakini kiwiko kinabonyea na kuwa chembamba upande wa ndani. Naomba mwongozo: kuna cha kuokoa hapa, au nifungue faili jipya?

Kipanga_Nairobi

Pole kaka. Hilo onyo nalijua. Umbo lako halijatulia. Fanya hivi: nenda Object Mode, bonyeza Ctrl+A, chagua All Transforms, kisha apply modifaya zote ulizo nazo, Mirror na Subdivision Surface pia, ndiyo uweke mifupa. Na hakikisha kila uso una pembe nne. Uso mmoja wa pembe tatu unatosha kuharibu mhusika mzima. Mimi natengeneza gemu ndogo za simu na siku hizi sijengi mifupa kwa mkono, natumia Rigify tu.

BiKiunzi

MchangaWaTanga, una matatizo matatu yaliyokuja pamoja, na kila moja lina chanzo chake. Onyo linatokana na umbo lenye kasoro ndani. Kofia ni kitu cha pembeni ambacho hakijaambiwa kifuate nini. Kiwiko kimebonyea kwa sababu hakina pete za kutosha za kukunjia, na pengine kiungo cha mfupa hakijakaa kwenye pete hizo.

Kabla ya kukushauri naomba unijibu. Kwanza, ukichagua mwili katika Object Mode na kubonyeza N, kwenye Item, namba za Scale zinasomeka ngapi? Pili, kiwiko kina pete ngapi za kingo zinazouzunguka mkono? Tatu, miguu iliyo ndani ya kanzu imeungana na kanzu, au ni kipande kinachoelea?

Kipanga, kwenye Scale na Mirror uko sahihi. Kwenye Subdivision Surface hapana, nitarudi kueleza kwa nini.

MchangaWaTanga

Asante sana Bi. Scale ya mwili ni 0.037 kwa X, 0.037 kwa Y na 0.052 kwa Z. Kiwiko kina pete moja tu katikati. Miguu inaelea, nimeisukuma ndani ya kanzu bila kuiunga. Macho nayo ni mipira iliyoingizwa ndani ya kichwa, vyote kwenye umbo moja.

BiKiunzi

Basi kichwa kihifadhi na mwili tuujenge upya. Kurekebisha huo mwili kutakuchukua muda mrefu kuliko kuujenga, na ukiujenga kwa kufuata viungo utakunjika inavyotakiwa. Mhusika atakayetembea anapangwa kuanzia kwenye viungo: bega, kiwiko, kifundo cha mkono, nyonga, goti, kifundo cha mguu. Uso unaweza kungoja. Ndevu hazikunji.

Tumpe urefu wa mita 1.6, na kichwa cha mita 0.4. Ni mhusika wa katuni, kwa hiyo kichwa kikubwa kinamfaa. Miguu 0.6, kiwiliwili 0.5, shingo 0.1. Andika hizo namba kwenye karatasi ubaki nazo.

Faili jipya. Ule mchemraba unaokutana nao usiufute, una mita 2 kila upande. Uchague, ingia Edit Mode kwa Tab, na mambo yote ya kupunguza na kuongeza yafanyie humo. Ukibadilisha ukubwa ukiwa Edit Mode, namba ya Scale kule Object Mode inabaki 1, na mifupa haitakusumbua baadaye. Namba zako za 0.037 na 0.052 zinaonyesha ulipunguza ukiwa Object Mode, tena urefu kwa kiasi tofauti na upana.

Sasa bonyeza S, X, andika 0.2, Enter. Halafu S, Y, 0.12. Halafu S, Z, 0.25. Umepata kiwiliwili chenye upana wa 0.4, unene wa 0.24 na kimo cha 0.5. Kiinue kwa G, Z, 0.85, ili kianzie 0.6 kutoka chini na kiishie 1.1.

Kata katikati kwa Ctrl+R, mkato wa wima unaotenganisha kulia na kushoto. Washa Alt+Z ili uchague hadi nukta za nyuma, ukiwa mbele kwa namba 1 ya pembeni mwa kibodi. Futa nusu iliyo kushoto kwa skrini. Nusu iliyobaki ni mkono wa kushoto wa mhusika, kwa sababu anakutazama. Weka Mirror kwa mhimili wa X na uwashe Clipping, nukta za katikati zisivuke mstari.

Kiwiliwili ukikate mara tatu kwa mlalo: chini ya kwapa, kiunoni na juu ya nyonga. Ongeza mkato mmoja wa wima ubavuni unaogawa mbele na nyuma. Sasa ubavuni juu una nyuso mbili zilizopakana. Zichague zote mbili, zipunguze kidogo kwa S, na uzisukume nje kwa E. Mkono umepatikana, wenye kona 6. Uelekeze chini kiasi, kama nyuzi 45. Endelea na E hadi kiwiko, E hadi kifundo, E hadi ncha ya kiganja. Kiganja kiwe kipande kimoja na dole gumba pembeni. Muuza kahawa anashika mpini wa dele, hahitaji vidole vitano kwa sasa.

Mguu ni vivyo hivyo: nyuso za chini za kiwiliwili, acha nafasi ndogo katikati, sukuma chini hadi goti, kisha kifundo, kisha unyayo uelekee mbele.

Kuna sehemu moja ya kuangalia kwa makini. Ukisukuma shingo juu kutoka kwenye uso unaogusa mstari wa katikati, Blender inajenga pia ukuta ndani, pale pale katikati. Huuoni kwa sababu Mirror inaufunika. Zima alama ya skrini kwenye Mirror, zungusha umbo, tazama upande uliokatwa: kuanzia kichwani hadi chini ya kiwiliwili panapaswa kuwa wazi kabisa. Ukiona uso umeziba, futa huo uso peke yake. Ukuta wa ndani wa namna hiyo unaifanya Subdivision Surface itengeneze mfereji katikati ya mwili, na ni sababu mojawapo ya lile onyo lako.

Asha_wa_Picha

Samahani kuingilia, ila mimi kinanishangaza kitu. Mifupa yote hii si itaonekana kwenye video? Mhusika wangu ni mnene na mifupa niliyoweka imetoka nje ya tumbo lake. Nimekuwa nikiipunguza iingie ndani lakini mwili unaharibika.

BiKiunzi

Asha mdogo wangu, mifupa haitoki kwenye picha ya mwisho hata ikichomoza nje. Ni ya kushikia tu. Usiipunguze kwa ajili hiyo. Kinachojali ni mahali viungo vilipo, yaani ncha ya mfupa mmoja na mwanzo wa unaofuata. Ukitaka kuiona vizuri unapofanya kazi, chagua mifupa, nenda kichupo cha mtu wa kijani, Viewport Display, uwashe In Front.

Mzee_wa_Mtaa

Hongereni vijana. Mimi nina laptopu ya zamani, RAM 4 GB, na Blender mpya haifunguki kabisa, inasema kadi ya picha haifai. Nataka kumfundisha mjukuu wangu kutengeneza katuni. Kwa hiyo kwetu sisi wa hali ya chini hili somo halipo?

Kipanga_Nairobi

Lipo, shikamoo mzee. Kuanzia toleo la 4.0, kwenye Windows na Linux, Blender inataka kadi inayoelewa OpenGL 4.3. Laptopu nyingi za zamani haziifikii. Chukua toleo la 3.6 LTS, linaridhika na OpenGL 3.3, na matoleo ya nyuma bado yapo kwenye tovuti ya Blender bure. Kila kitu Bi anachoeleza kinafanyika humo. Tofauti utaiona zaidi kwenye namna ya kupanga mifupa kwa makundi, na mhusika huyu hahitaji hayo. Kama laptopu haina namba za pembeni, nenda Edit, Preferences, Input, uwashe Emulate Numpad.

Mzee_wa_Mtaa

Marahaba. Nitalijaribu hilo la 3.6.

MchangaWaTanga

Bi, nimejenga mwili. Ukuta wa shingoni nilikuwa nao kweli, nimeufuta. Nimefika kwenye viwiko na magoti. Pete ngapi, na nizipange vipi?

BiKiunzi

Hapa ndipo pa kukaa, maana kiwiko chako cha kwanza kilikufa hapa.

Mfupa ukikunjwa, Blender haijui habari ya nyama wala ngozi. Kila nukta inaulizwa inafuata mfupa upi na kwa kiasi gani, na kiasi hicho ndicho uzito, halafu inawekwa kwenye wastani wa pale mifupa yake inapoitaka. Ukiwa na pete moja tu kiwikoni, pete hiyo inabeba mkunjo wote. Nukta zake zinavutwa nusu na mfupa wa juu na nusu na wa chini, na wastani huo unaangukia ndani ya mkono. Ndiyo maana unaona umekuwa mwembamba. Ukiwa na pete tatu, mkunjo unagawanywa: ya katikati inakaa kwenye kiungo, na jirani zake mbili zinalinda unene.

Kwa mkono wa mhusika huyu ongeza kwa Ctrl+R pete moja juu ya kiwiko na moja chini, kila moja sentimita 3 hivi kutoka ya katikati. Ukiweza, upande wa ndani zisogeze zikaribiane na upande wa nje zitanuke kidogo, kwa sababu nje ndiko kunakonyooshwa na ndani kunakunjwa. Goti ni vivyo hivyo, ila nje yake iko mbele. Katikati ya paja hapahitaji pete zaidi ya moja. Kuzijaza kila mahali kunakuongezea kazi tu utakapofika kwenye uzito.

Sasa narudi kwa Kipanga. Kila ngazi ya Subdivision Surface inageuza uso mmoja wa pembe nne kuwa nne. Mwili wa nyuso 600 unakuwa 2,400 kwa ngazi ya kwanza na 9,600 kwa ya pili. Uki-apply, hizo 9,600 ndizo utakazozipaka uzito kwa mkono, na pete zako tatu za kiwiko zitakuwa zimepotea katikati ya umati. Iache ikiwa hai, ngazi ya 1 kwenye skrini, na kwenye orodha Armature ikae juu yake. Mifupa inakunja umbo jepesi kwanza, kisha ulaini unakuja baadaye. Kama Armature imeangukia chini, ivute juu.

Na pembe tatu hazina dhambi mahali pasipokunja. Kilele cha kofia kinaweza kuwa na pembe tatu zote na hakuna atakayejua. Kiwikoni, gotini na begani ndiko pembe nne zina maana.

Kipanga_Nairobi

Nimekuelewa kuhusu pembe tatu, na kwenye gemu mwishowe kila kitu kinageuzwa pembe tatu. Kwenye Subdivision Surface, gemu haiisomi, kwa hiyo lazima ni-apply wakati fulani. Labda ndiyo tofauti yetu, wewe unafanya video.

Ila mkono wa nyuzi 45 siukubali. Mikono inyooshwe pembeni kabisa. Mixamo, ile huduma ya mtandaoni inayomwekea mhusika mifupa yenyewe, inafanya kazi vizuri zaidi hivyo, na mifupa inakuwa rahisi kunyoosha.

BiKiunzi

Kwa Mixamo nakubaliana nawe. Lakini mtu anayetembea na kumimina kahawa hainui mikono juu ya mabega. Mkao wa kuanzia ukiwa katikati ya mikono iliyoshuka na iliyonyooshwa, bega linasafiri njia fupi kwenda upande wowote, na kwapa haliharibiki sana. Ukianza na mikono iliyonyooshwa, kila mara akishusha mkono unaliumiza bega kwa nyuzi 90.

Kipanga_Nairobi

Kwangu bega halijawahi kuwa tatizo kubwa kuliko kunyoosha mifupa. Tuache kila mtu na njia yake.

MchangaWaTanga

Nimeongeza pete. Nimebaki na nyuzi 45 kwa sababu nimeshaujenga hivyo. Naomba sasa mifupa.

BiKiunzi

Rudi Object Mode. Mirror sasa ui-apply, kwa sababu mifupa inahitaji kuona pande zote mbili. Wapo wanaoiacha hai na kugeuza majina ya makundi kupitia chaguo la Vertex Groups lililo ndani ya Mirror, na inafanya kazi, lakini kwa mara ya kwanza i-apply ujue unachokiona. Halafu ingia Edit Mode, chagua vyote kwa A, bonyeza M, By Distance. Ujumbe wa chini utakuambia nukta ngapi zilizorudufika zimeondolewa. Kisha Shift+N, nyuso zote zitazame nje. Kuhakikisha, washa Face Orientation kwenye Overlays: mwili wote uwe wa buluu. Panapoonekana pekundu uso umegeuka.

Macho, kofia na dele visiwe ndani ya umbo la mwili. Ukiwa Edit Mode bonyeza P, By Loose Parts, kila kinachoelea kitajitenga. Vipande vilivyozama ndani ya mwili, kama macho yako na ile miguu ya mwanzo, ni sababu nyingine ya lile onyo. Uzito wa kujiendesha unahesabiwa kana kwamba mfupa unatoa joto linalosambaa kwenye ngozi, na kilichofichwa nyuma ya ukuta mwingine joto haliki­fikii.

Shift+C irudishe kishale katikati ya dunia, Shift+A, Armature, na kama Rigify imewashwa chagua Single Bone. Washa In Front. Ingia Edit Mode ya mifupa.

Mfupa wa kwanza uweke kwenye nyonga, unaotazama juu. Kutoka ncha yake sukuma kwa E: mgongo, kifua, shingo, kichwa. Kisha mfupa wa bega upande wa kushoto wa mhusika, mkono wa juu, kigasha, kiganja. Kisha paja, muundi, unyayo. Majina unaweza kuyaandika kwa Kiswahili, Blender haijali neno, inajali mkia wa `.L` na `.R`. Mimi naandika hivi:

```
kiuno
mgongo
kifua
shingo
kichwa
bega.L
mkono.L
kigasha.L
kiganja.L
paja.L
muundi.L
unyayo.L
```

Bega na paja havianzii kwenye ncha ya mfupa mwingine, kwa hiyo chagua `bega.L`, kisha kwa Shift `kifua`, Ctrl+P, Keep Offset. Fanya hivyo hivyo `paja.L` kwenda `kiuno`. Ukichagua Connected mfupa utaruka na kwenda kujibandika kwenye ncha.

Hakikisha ncha ya `mkono.L` imekaa kwenye pete ya katikati ya kiwiko. Angalia kutoka mbele kwa namba 1, kutoka ubavuni kwa namba 3, na kutoka juu kwa namba 7. Wengi wanaangalia mbele tu, na mfupa unakuwa umetoka mgongoni mwa mkono bila wao kujua. Goti lisogeze mbele kidogo tu, na kiwiko nyuma kidogo, ili siku ukitaka mguu ufuate unyayo wenyewe, mfupa ujue uelekee wapi.

Sasa chagua mifupa yote ya `.L`, menyu ya Armature, Symmetrize. Upande wa kulia unajijenga wenyewe, na jumla una mifupa 19.

Toka Object Mode. Chagua mwili kwanza, mifupa baadaye, Ctrl+P, With Automatic Weights.

MchangaWaTanga

Limekubali bila onyo! Kiwiko kinakunja, ingawa bado kinazama kidogo. Nikiinua `mkono.L` kuna kipande cha ubavu kinapanda nacho. Kofia bado.

BiKiunzi

Kofia kwanza, maana ni ya haraka. Usiipe uzito wa kujiendesha. Kama uliifunga jana, bonyeza Alt+P, Clear Parent, na ufute Armature kwenye modifaya zake. Chagua kofia, kwa Shift chagua mifupa, Ctrl+Tab uingie Pose Mode, bofya `kichwa`, Ctrl+P, Bone. Kofia sasa inafuata kichwa nzima bila kupinda. Macho fanya hivyo hivyo, na dele kwenye `kiganja.R`.

Ubavu unaopanda ni kwa sababu mkono umekaribia mwili na joto la mfupa wa mkono limefika ubavuni. Chagua mwili, Edit Mode, chagua nukta za ubavu zinazopanda, nenda kichupo cha pembetatu ya kijani, orodha ya Vertex Groups, bofya `mkono.L`, kisha Remove. Ukimaliza chagua `kifua`, Weight iwe 1, Assign.

Kwenye kiwiko usishike brashi. Umbo ni jepesi, unaweza kuandika namba. Alt na kubofya pete ya katikati: kwenye `mkono.L` weka 0.5, Assign, na kwenye `kigasha.L` weka 0.5, Assign. Pete ya juu: `mkono.L` 0.9, `kigasha.L` 0.1. Pete ya chini ugeuze. Kisha rudi Pose Mode ukunje nyuzi 90 na uangalie. Ikizama bado, ongeza 0.9 iwe 1 na 0.1 iwe 0.

Kuna Preserve Volume kwenye Armature. Inazuia kuzama, lakini mara nyingi inatunisha kiungo upande wa nje, na begani inaonekana vibaya. Ijaribu baada ya namba, si kabla yake.

Asha_wa_Picha

Nimejaribu hizi namba kwenye goti la mhusika wangu mnene. Zimekubali, lakini paja na muundi vinaingiliana nyuma ya goti akikaa.

BiKiunzi

Kwa mtu mnene vitaingiliana tu, hata mwili wa kweli unabonyezana pale. Sogeza kiungo cha goti nyuma kidogo, kikaribie mkunjo wa ndani, halafu upime. Ukisogeza mifupa katika Edit Mode uzito hauharibiki, lakini kunja tena uone kama pete bado imekaa sawa na kiungo.

MchangaWaTanga

Imebaki kanzu. Nimeijenga kama umbo la pembeni, nimenakili nyuso za kiwiliwili kwa Shift+D, nikazitenga kwa P, nikazitanua kwa Alt+S na kuzishusha hadi juu ya kifundo. Nikaifunga With Automatic Weights. Akisimama inapendeza. Akipiga hatua, kanzu inajigawa katikati na kuonekana kama suruali, na muundi unachomoza nyuma.

Kipanga_Nairobi

Hiyo ni kazi ya Cloth. Pini kiunoni, acha chini izunguke yenyewe, miguu uipe Collision. Usihangaike na mifupa kwenye nguo.

BiKiunzi

Cloth itatoa mikunjo mizuri, Kipanga, ila itabidi aihesabu upya kila anapobadilisha hatua, na laptopu ikiwa ndogo atasubiri sana. Kwa mhusika wa kwanza mimi ningefanya kwa uzito.

Inajigawa kwa sababu kila nukta ya kanzu imechukua paja lililo karibu nayo. Za kushoto zinaenda zote na `paja.L`, za kulia na `paja.R`, na katikati pamechanika. Unachotaka ni mpito mrefu. Mstari wa katikati mbele na nyuma upe 0.5 kwa kila paja. Kadiri unavyokwenda ubavuni, paja la upande huo liongezeke taratibu hadi 0.8 na la pili 0.2. Kanzu ifuate mapaja tu, kwa hiyo `muundi.L` na `muundi.R` ziondoe kabisa kwenye Vertex Groups zake. Pete za juu, kutoka kiunoni kushuka sentimita 10 hivi, zipe `kiuno` sehemu kubwa.

Muundi unaochomoza si lazima uupiganie. Mapaja na nusu ya juu ya miundi havionekani kamwe chini ya kanzu hiyo, basi zifute hizo nyuso. Bakiza kutoka katikati ya muundi hadi unyayo.

MchangaWaTanga

Nimefanya, na hatua fupi inaenda vizuri sana. Mguu ukivuka kama nyuzi 30 mbele, kanzu ya nyuma inanyooka na kuonekana ngumu, na kisigino cha nyuma bado kinagusa pindo kwa ndani.

BiKiunzi

Hapo uzito wa mapaja mawili umefika mwisho wake. Njia moja ni kuongeza mifupa miwili ya kanzu, mmoja mbele na mmoja nyuma, yote ikiwa chini ya `kiuno`, na kuisogeza kwa mkono kwenye kila hatua. Nyingine ni kumpa hatua fupi. Wazee wa kanzu hawapigi hatua za nyuzi 30 wakiwa na dele la moto mkononi.

Kipanga_Nairobi

Mimi bado nasema Cloth. Nitumie kanzu peke yake bila mwili, nijaribu pini ya kiunoni na mapigo machache ya hatua, nikurudishie uone inachukua muda gani kwenye mashine yangu.

MchangaWaTanga

Naituma usiku huu kaka. Wakati nasubiri naongeza huo mfupa wa nyuma, nitaupa jina `kanzu_nyuma`. Bi, uzito wake uanzie pete ipi, ya nyonga au ya chini zaidi?

BiKiunzi

Anzia pete ya pili chini ya nyonga, 0.2, na uongeze kila pete hadi 0.7 kwenye pindo, nyuma tu. Mapaja yapunguze kwa kiasi hicho hicho, jumla ya kila nukta ibaki 1. Jina lake halina `.L` wala `.R`, kwa hiyo Symmetrize haitaligusa.